Pini ya Instagram imenimaliza

Jamani, mnaniona hapa Wandegeya nakula rolex kwa mkopo, mnadhani ubahili. Kamisheni haijaingia. Nauza sola za kuchemsha maji, wateja wangu ni mahoteli, na kila asubuhi kazi yangu ni kuwaandikia watu wasionijua. Bosi anataka barua 10 kwa siku. Tena hataki zile za "tunauza sola bora kwa bei nafuu". Anauliza: kwa nini unamwandikia huyu, na kwa nini leo? Nikamjibu, kwa sababu kodi ya nyumba imefika. Hakucheka.

Basi nikafungua Instagram ya hoteli moja ya Ntinda. Posti ya kwanza kabisa: vyumba 20 vipya, utepe, keki, mheshimiwa na mkasi wake. Nikasema riziki hiyo! Vyumba 20 ni mabafu 20. Nikaandika hongera aya mbili, nikasifu mpaka keki. Jibu likaja chai haijapoa: "Asante ssebo. Hivyo vyumba ni vya 2022. Tumeshavipaka rangi mara ya pili."

Kumbe posti ilikuwa imebandikwa pini. Ikishabandikwa hukaa juu hata ikizeeka. Alama ya pini ipo pale pembeni, tarehe ipo chini, vyote vidogo kama sisimizi. Mimi nilikuwa natazama keki.

Hoteli ya pili nikasema sasa nitaanza na tarehe. Facebook yao iliishia Januari 2021. Nikamripotia bosi kwamba hawa wameshafunga biashara. Akavua miwani. "Ssebo, Januari 2021 serikali ilifunga Facebook hapa Uganda, siku chache kabla ya uchaguzi. Wengi hawakurudi. Sasa Kampala nzima imefunga biashara?" Na mimi naishi hapahapa, VPN ninayo kwenye simu. Niambieni nilisahauje.

Ya tatu hata sipendi kuisimulia. Nilipitiliza mpaka ukurasa wa mkurugenzi mwenyewe, nikampongeza kwa kwanjula ya bintiye. Akapiga simu kuuliza natumwa na nani.

Aliyeniokoa ni binti wa mapokezi, mshahara wake nusu ya wangu. Akavuta kiti. "Anko, dakika tano tu, na ya familia usiyaguse." Akafungua tovuti ya gesti moja ya Muyenga. Chini kabisa imeandikwa 2019. Nikadakia, imekufa! "Hapana, Anko. Huo mwaka hakuna anayekumbuka kuubadilisha. Tazama ukurasa wa vyumba, wameahidi nini." Wameahidi maji ya moto saa 24. Dakika moja imekwisha.

Akaingia Google Maps, akashuka kwenye maoni ya wageni, akayapanga kwa "Newest". Mimi siku zote nasoma yale yanayojileta yenyewe juu, na hayo yanaweza kuwa ya tangu enzi za barakoa. Mapya yalikuwa manne. Mmoja kasifu chapati. Watatu, wote ndani ya miezi miwili, wanalia maji ya baridi alfajiri, na wawili kati yao walilala ghorofa ya 3. Nikashika kalamu: "Wageni wenu wanalalamika..." Akanipokonya. Lalamiko moja laweza kuwa la jirani mwenye wivu, akasema, ndiyo maana ametafuta matatu. Na hata yakiwa kumi, nani anataka kuamshwa na mtu asiyemjua anayemsomea aibu zake?

Akanionyesha kitu ambacho macho yangu yaliruka: chini ya lalamiko la mwisho mwenye gesti amejibu, wiki mbili zilizopita. Pole sana, tunalishughulikia. "Hiyo ndiyo sababu yako, Anko. Tatizo analijua, amelikiri hadharani, na huenda hajampata fundi."

Dakika ya tano tukaandika: "Niliona mlivyomjibu mgeni kwamba mnashughulikia maji ya moto ghorofa ya 3. Kama hamjaamua, naweza kuja Jumanne kupima paa na tangi." Basi. Sola ikatajwa kwenye sahihi tu. Akanipa na kipimo chake: futa jina la gesti, weka la jirani. Sentensi ikimfaa na jirani, itupe. Nikazipima barua zangu za wiki nzima. Zote zilimfaa jirani. Mbili zingemfaa hata muuza kuku.

Jibu likaja saa kumi jioni: njoo Jumanne, uje na ngazi yako. Ngazi sina. Bosi anasema nikodi kwa hela yangu, kwa hiyo na rolex ya kesho ni mkopo.

Nawe msomaji, kama una hoteli hapa mjini na Instagram yako bado imebandikwa ile keki, nakuomba ubandue pini. Kuna baba wa watoto watatu anateseka.