Mweka Hazina Hapatikani

Kuna mwanamke kwenye simu ambaye kikundi chetu kinaijua sauti yake kuliko ya mwenyekiti. Ndiye yule anayetuarifu kwa upole kwamba namba tunayopiga haipatikani. Juzi alituarifu tangu Ijumaa asubuhi mpaka tukachoka, na namba yenyewe ilikuwa ya mweka hazina, mama ambaye sanduku la kikundi linalala chini ya kitanda chake.

Sisi ni kikundi cha hisa kama vingine vilivyojaa hapa West Nile. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 kwa kazi ya shirika la CARE, ukasambaa mpaka kwetu pamoja na sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Mweka hazina anakaa na sanduku. Washika funguo watatu wanakaa na funguo, kila mmoja nyumbani kwake. Wahesabu fedha wawili wanahesabu mbele ya macho ya wote, na mimi katibu naandika. Hakuna anayeweza kufungua peke yake, na hapo ndipo palipo utamu wa mpango. Ila waliobuni mpango huo hawakuwahi kukaa na wafanyabiashara wa Arua, ambao siku hizi baadhi yao wamehamishia biashara Koboko na hisa zao wanazituma kwa simu. Pesa ya simu haipiti kwenye kufuli. Inaingia kwenye laini ya mweka hazina, basi.

Orodha ya namba tulikuwa nayo, tena nzuri, imepigwa mistari kwa rula na katibu aliyenitangulia. Ilitunzwa mahali salama kuliko pote, yaani ndani ya sanduku. Sanduku lina kufuli tatu, liko kwa mweka hazina, na mweka hazina hapatikani. Niliwahi kusema mkutanoni kwamba nakala zitoke nje, nikaambiwa katibu huyu anapenda sana makaratasi.

Ikabidi tuanze kuokoteza namba kwenye simu za watu. Mwenyekiti alikuwa na namba ya akiba ya mama huyo. Nayo ilikuwa kimya, kwa kuwa namba zote mbili zilikaa kwenye simu moja ya laini mbili, na simu hiyo ilichomolewa mkobani sokoni Ariwara, ng'ambo ya Congo. Mtu mwingine akatoa namba ya mume. Mume naye alikuwa Ariwara, amevaa laini ya Congo, ile ya Uganda kaiacha kwenye droo. Namba tatu zote zilitegemea mkoba mmoja na safari moja.

Jumamosi jioni ikaingia meseji kutoka namba ngeni: ni mimi mweka hazina, simu imeibwa, hisa za kesho tumeni hapa. Hajati wetu wa Koboko, anayeuza vitenge karibu na steji, alikuwa na shilingi 50,000 za hisa tano tayari kwenye simu. Akaanza kutuma. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ikamwonyesha jina la mpokeaji, na lilikuwa la mwanamume asiyemjua. Akakatisha, akanipigia.

“Katibu mwanangu, wezi wameshatufikia.”

“Umefanya vizuri, Hajati. Kaa na hela zako.”

“Na faini ya kuchelewa je?”

Nitarudi kwenye hiyo faini.

Kumbe hakuwa mwizi. Alikuwa mweka hazina mwenyewe, amefika nyumbani na kupata laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mpwa wake, maana chake kilikwenda na mkoba. Lakini maneno ya meseji yake ndiyo yaleyale ya matapeli, neno kwa neno, kwa hiyo Hajati alikuwa na haki. Nikauliza kwa nini asisubiri apate kitambulisho kingine, kisha airudishe laini ya zamani na namba yake ileile, kama anavyofanya kila mwenye laini iliyo kwa jina lake. Akainamisha macho. Ile ya zamani ilisajiliwa kwa jina la dada yake, na dada yuko Juba.

Hapo nikanunua daftari jipya kwa hela yangu, na hela hiyo sijarudishiwa hadi leo. Mbele ya kila kiongozi kuna kazi yake, namba iliyoandikwa kuanzia +256 ili hata aliyevaa laini ya Sudani Kusini au ya Congo aweze kuipiga, kisha jina linalotokea mtu akituma pesa. Safu hiyo ya jina ndiyo iliyoleta kelele. Tumegundua kwamba kikundi kizima kinaongea kwa laini za shemeji, wapangaji na marehemu. Namba ya akiba sasa lazima iwe ya mtu asiyelala nyumba moja na mhusika wala kusafiri naye, ikiwezekana jirani anayeweza kutembea kwa miguu kwenda kugonga mlango.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya msaidizi wa mweka hazina. Watu walimtaka mmoja wa washika funguo, eti ni mwaminifu. Uaminifu wake siubishii, lakini siku atakayokaimu, sanduku na ufunguo vitalala chumba kimoja. Wakanitaja mimi. Nikakataa: mwenye daftari akishika na pesa, nani atamsahihisha? Tukamchukua mhesabu fedha wa kwanza, aliyezoea kushika pesa huku anatazamwa.

Nakala ziko nne: moja sandukuni, moja kwangu, moja kwa mwenyekiti, na moja Koboko kwa Hajati. Namba ikibadilika, mwenyewe anakuja nayo mkutanoni. Ya zamani inakatwa kwa mstari mmoja ili isomeke bado, na pembeni tarehe na sahihi mbili. Katikati ya wiki meseji haitoshi. Nampigia, nasikia sauti yake, na jirani wa kwenye orodha anakwenda kumwona kwa macho. Mpaka hapo hakuna anayetuma hata shilingi.

Na kwa kuwa mtu anayeogopa faini ya shilingi 1,000 atatuma 50,000 popote, tumeamua kwamba namba ikiwa na utata, faini ya kuchelewa inasimama. Mwenyekiti alinuna, kwani faini ndizo zinazonunua soda.

Ya zamani tunaiacha isomeke kwa sababu ya kijana mmoja muuza samaki wa Pakwach. Laini ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huichukua na kumpa mtu mwingine, na yeye ndiye aliyepewa namba ya mweka hazina wetu wa zamani. Wazee wetu wameendelea kumwomba mikopo. Mmoja alimtumia hisa kabisa, bila kusoma jina. Kijana akazirudisha, akakata gharama ya kutuma, akaongeza kwamba kikundi chetu kinamsumbua usiku. Sasa akipiga mtu kuuliza kama namba fulani ni yetu, naiona palepale, imekatwa, na tarehe yake.

Jumapili tunakutana saa nane. Wanachama wanne bado hawajaniambia laini zao zimesajiliwa kwa jina la nani. Wanajijua. Waje na simu zenyewe na vitambulisho, na mwenye shilingi 2,000 za daftari langu aje nazo pia.