Muulize Bingwa: Mwenye Tanuru Kanikamata na Mkaa

*Bingwa, mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji kanikamata na magunia mawili ya mkaa bila kibali, akanihubiria mbele za watu. Nyuma ya mikorosho yake tanuru linafuka! Nimsikilize kwa lipi? – Mwenye Uchungu, Maneromango.*

Mwanangu, umefika kwa mwenyewe. Kutoka Kisarawe mjini hadi Mzenga hakuna ugomvi nilioutia mkono ukabaki ugomvi. Masheikh wananiuliza, wachungaji wananiuliza. Juzi dereva wa bodaboda alisimama katikati ya safari aniulize. Nilipomjibu, akakosa hata nguvu ya kudai nauli.

Kwanza tanuru, maana nalijua kuliko wanaolichoma. Magogo hupangwa, yakafunikwa majani na udongo, yakaachiwa matundu ya pumzi. Moshi wa mwanzo ni mweupe mzito, kwa kuwa mti unatoa maji. Ukishakuwa mwembamba wa samawati, mkaa umeiva. Udongo ukipasuka usiku, asubuhi unazoa majivu. Na mambo yakienda vizuri, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Je, moshi wa mwenyekiti una rangi gani? Kama ni mweupe, wahi, ushahidi ungalipo.

Mimi kwangu ni gesi, nishati safi. Maharage tu ndiyo napikia mkaa, kwa sababu hayana adabu kwa gesi. Na pweza. Na chai ya jioni.

Tuendelee. Mkaa ulibeba bila kibali, hukubeba? Magunia yapo, na angeyaonyesha hata mwizi wa kuku, yangebaki magunia. Faini ni yako. Ingekuwa neno lake tupu, kwamba alikuona gizani, hapo tabia yake ingepimwa, maana muuza mkaa hufaidika mshindani wake akizuiwa: ungedai shahidi mwingine. Ila kusema kweli na kushika cheo ni mambo mawili. Mlevi akikwambia pombe inaharibu ini, msadiki. Funguo za ghala la pombe usimpe.

Dawa yangu ya kwanza: vaa gunia tupu, kaa mbele ya tanuru lake, kila moshi ukitoka mpigie makofi na kumrudishia mahubiri yake kwa sauti. Wenye haya hukimbia siku ya kwanza. Wasio na haya hukuletea kiti.

Wasio na kipaji kama changu wana njia nyingine. Lipa, dai risiti. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Simama, omba isomwe sheria ndogo ileile aliyokusomea, neno kwa neno, kisha taja mikorosho. Akilipa naye, ahubiri hadi koo likauke. Akijitafutia mwanya wake peke yake, omba mkutano umtoe kwenye kamati. Basi, inatosha, barua yako imekula nafasi ya watu wanne, na mmoja wao ni mkwe wangu.