Muhogo Uliohama Safu

Jedwali ndani ya PDF si jedwali. Ni herufi zilizowekwa mahali pake ukurasani, na anayeona safu ni msomaji peke yake. Ndiyo maana makala ya utafiti wa muhogo ikinakiliwa na kubandikwa kwenye Excel hutoa mavuno ya ajabu: mbegu ya Kiroba inakutwa imekaa safu ya asilimia.

Programu ya Tabula hurejesha safu hizo kwa njia mbili. `Lattice` hufuata mistari iliyochorwa. Majarida ya sayansi, kwa ubahili wao, mara nyingi huchora michache ya kulala tu, hivyo hutumika `Stream`, inayokisia safu kwa nafasi tupu. Kichwa “Dalili (%)” kilichotandazwa juu ya “Majani” na “Mizizi” huivuruga, kwa hiyo fremu ya kuchagua jedwali huanzia chini ya vichwa, navyo huandikwa kwa mkono: “Dalili_majani”, “Dalili_mizizi”. Katika Excel, wilaya iliyotajwa mara moja kwa mbegu tano hujazwa kila mstari: seli tupu huchaguliwa, ya kwanza ikiwa A3 huandikwa `=A2`, kisha `Ctrl+Enter`.

Kwa mbegu 10, `=COUNT(C2:C11)` isipotoa 10, kuna namba iliyohama au “12.4 ± 0.8” iliyoingia kama maandishi. Kazi ikinyooka, bosi huomba aletewe kwa PDF.