Uraia wa Chupa ya Chai

Afisa wa forodha pale Namanga aliipindua chupa ya chai, akasoma maandishi ya kitakoni, akanitazama kana kwamba nimemficha mtoto wa nje. "Mzee wangu, hii ni ya China."

Boksi lilikuwa na lebo ya Nairobi, jina la duka na simu. Shemeji yangu, mwenye mzigo, akachomoa risiti: "Tumenunua Kenya, afande!" Akaambiwa risiti inaonyesha ilikonunuliwa, siyo ilikotengenezwa. Kubadilisha boksi, kubandika lebo au kupanga upya mzigo hakuipi bidhaa asili ya Afrika Mashariki, hata ukibandika bendera.

Sasa angalieni maudhi. Katika gari lilelile kulikuwa na katoni za sabuni za kufulia zilizotengenezwa Kenya kwa mafuta ya mawese kutoka Malaysia. Hizo zilikuwa na cheti cha asili, zikapita bila ushuru wa forodha! Shemeji akalalamika kwamba mawese nayo ni mgeni. Ni mgeni, ndiyo, lakini kiwandani yamechemshwa na kostiki soda hadi yakawa kitu kingine kabisa. Chupa imeingia chupa, imetoka chupa.

Kanuni inazuia ujanja ninaoufahamu vizuri kwa sababu ni wa ukoo wetu. Pasipo kanuni hiyo, kila mwenye stoo angeleta kontena kutoka ng'ambo, abandike lebo, kisha ashindane na kiwanda kilichoajiri watu. Hapo namuunga mkono afisa, ingawa sikumwambia.

Kinachonichoma ni kingine. Jumuiya ina ushuru mmoja wa pamoja kwa vitu vya nje tangu 2005. Chupa zile zilikwisha kulipiwa Mombasa. Kwa akili ya kawaida, kitu kikilipiwa mlango mmoja wa nyumba hakilipiwi tena sebuleni. Lakini kila nchi inakusanya mapato yake, na hela ya Mombasa haikuvuka mpaka pamoja na chupa. Basi tukalipa upya: mzigo wa 1,000,000, ushuru wa asilimia 25 ni 250,000, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya 1,250,000, ikawa 225,000. Jumla 475,000, na chai bado haijamiminwa.

Shemeji akakumbuka kile cheti rahisi cha wafanyabiashara wadogo, kinachotolewa hapohapo mpakani kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Akaambiwa udogo wa mzigo haubadilishi asili yake. Cheti ni cha bidhaa za Jumuiya zilizomo kwenye orodha.

Na sabuni? Cheti kinafuta ushuru wa forodha tu. VAT tulilipa, 180,000. Shemeji, aliyekuwa ametuahidi "sabuni ni sifuri", mpaka leo anadai hiyo nimeila mimi.