Namna ya kufuturu kwa witiri mpaka sukari ikushike shati

Mtu mwenye kisukari anayetaka futari yake imlaze chali hana haja ya soda wala halua. Tende zinatosha, tena zina thawabu. Cha msingi ni kuijua nusu tu ya sunna: kwamba hufuturiwa kwa tende, na kwamba ziwe witiri. Moja ni witiri, lakini hiyo waachie wabahili. Tatu ni witiri, na tano pia. Ukijikuta umefika ya sita, ongeza ya saba haraka, usije ukaiharibu hesabu.

Aina ya tende nayo ina sehemu yake. Ziache zile ndogo kavu. Ndogo moja, ukishatoa kokwa, ina uzito wa gramu 7 hivi, na sukari yake ni kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai na kidogo juu. Ukila mbili hujafanya kitu. Wewe tafuta mejuli, ile nene laini inayouzwa kwenye boksi lenye dirisha la nailoni. Moja hufika gramu 24, na ndani yake mna sukari gramu 16 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai. Saba zinakupa vijiko 28. Mtu akikutilia vijiko 28 kwenye chai utamwita mchawi, lakini akikupa tende utamwombea dua.

Atakuja mjuzi akwambie tende ina nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari yake hupanda polepole. Mshike huyo, maneno yake ni kweli na yatakufaa. Tende moja au mbili, kweli, haziingii kwenye damu kwa kasi ya maji ya sukari. Usimwachie tu amalizie, maana atakwambia kwamba kuchelewa kufika si kutofika.

Sasa tuipange sinia. Mlo wa jioni wa mtu mwenye kisukari mara nyingi hupimiwa wanga wa gramu 45 hadi 60, kutegemea umbo lake, kazi zake na dawa anazotumia. Mejuli moja ina wanga wa gramu 18. Tatu ni 54. Kwa hiyo adhana haijamalizika na chakula chako cha jioni umekwisha kukila, ila tumbo halina habari. Endelea: bakuli la uji wa pilipili manga wenye sukari, muhogo wa nazi, kaimati zinazoogelea kwenye shira, na tambi za sukari kwa sababu mwenye nyumba atanuna. Gramu 100 tu za muhogo, kipande cha kushikika mkononi, zina wanga unaokaribia 40, na hakuna aliyewahi kuonekana akila kipande kimoja.

Jirani yako, ambaye hana raha ya maisha, hufanya hivi: anakula tende ndogo moja, au tatu akiwa amejinyima vingine, anakunywa maji, anaswali Magharibi, ndipo anarudi kwenye samaki, mchicha, maharage na kipande kimoja cha muhogo. Uji anakunywa bila sukari, kikombe kidogo. Kokwa anaziacha kwenye kisahani mbele yake ili azione. Wewe kokwa zako zitupe dirishani, au kunywa tende zilizosagwa na maziwa, maana glasi haina kokwa na hakuna atakayejua kama zilitiwa nne au kumi.

Kuna sehemu moja ambayo mwongozo huu haufanyi mzaha. Ukitetemeka, ukatokwa jasho la baridi au ukaanza kuchanganyikiwa saa kumi na moja jioni, pima. Kumtoboa mtu kidole hakumfunguzi. Sukari ikiwa chini ya 3.9, fungua papo hapo hata kama zimebaki dakika kumi, hasa ukiwa unatumia insulini au glibenklamidi. Hapo tende si dawa ya kwanza, inakwenda taratibu mno. Koroga vijiko vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Na ikipita 16.6 mchana, mfungo wa siku hiyo umekwisha vilevile.

Turudi kwenye starehe. Saa mbili baada ya futari, wakati ambapo kipimo kingesema ukweli, hakikisha uko Tarawehe na mashine iko nyumbani kabatini. Wakikushurutisha kupima, toa kidole kilichoshika tende na usikioshe. Utamu uliobaki kwenye ngozi huingia katika tone la damu na kupandisha namba, kwa hiyo ikitoka 19 utakuwa na la kusema: mashine imelamba tende. Ila wasije wakakuletea sabuni na maji, ukaosha, ukakausha, ukapima upya, ikatoka 19 ile ile.