Miaka Mitano na Taarifa ya Siku 28

Swali la "unajiona wapi baada ya miaka mitano" huulizwa na watu ambao mkataba wao wa pango la ofisi unaisha Desemba. Nasema hivi kwa sababu nami ni mmoja wao. Nasimamia hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Dar es Salaam, na kila tukitafuta mhasibu msaidizi huitwa kukaa kwenye jopo la usaili, kati ya Mzee, yaani mkurugenzi wetu, na dada wa utumishi. Fomu yetu ya alama ina maswali kadhaa, na hilo ndilo la mwisho. Mzee analipenda kuliko yote. Hulitamka polepole, huku ameegemea nyuma, kana kwamba yeye mwenyewe analo jibu lake droo ya pili.

Sasa tazama tunachompa mtu tunayemuuliza. Mkataba wa mwaka mmoja. Ndani yake miezi sita ya majaribio, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi aliye chini ya miezi sita kinga ile ya kuachishwa kazi isivyo haki. Baada ya hapo, kwa mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi, sheria hiyo inataka taarifa ya siku 28. Siku 28! Tunamtaka kijana atuahidi miaka mitano ilhali sisi tumejifunga kwa mwezi wa Februari.

Hata nchi yenyewe ilipopanga miaka mitano haikufika salama. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano ulianza 1964 ili uishe 1969. Uliandaliwa na wataalamu, ukategemea fedha nyingi kutoka nje. Mwaka 1965 tukakosana na Ujerumani Magharibi, na kabla mwaka haujaisha tukavunja uhusiano na Uingereza, misaada ikayumba. Februari 1967, katikati ya mpango, likatoka Azimio la Arusha na dira nzima ikageuka. Serikali yenye wizara na wanauchumi ilibadili njia katika mwaka wa tatu. Leo namkazia macho mtoto wa watu aliyepanda daladala mbili kuja Posta, aniambie baada ya miaka mitano atakuwa ameketi wapi.

Naye huniambia, hapo ndipo vituko huanzia. Usaili wa mwisho, wa kwanza kuingia alisema baada ya miaka mitano anajiona "kiongozi mwenye maono katika taasisi inayokua". Wa pili akasema hivyohivyo. Wa tatu alipofika kwenye "maono", dada wa utumishi akammalizia "katika taasisi inayokua", na kijana akashukuru kwa kukumbushwa. Walikuwa wamekaa benchi moja nje, wakipitishiana simu.

Akaja mwingine, shati limenyooka, akasema bila kupepesa macho kwamba anajiona kwenye nafasi ya msimamizi wa hesabu. Mzee akanigeukia. Dada wa utumishi akanigeukia. Kijana naye alipoona wote wananigeukia, akaelewa, akaongeza kwa adabu, "Kama atakuwa amestaafu, lakini." Nina miaka arobaini na kidogo, na kiti anachokitamani gurudumu lake moja limeng'oka, nakikalia kwa kuinamia kushoto.

Wakweli nao hawakukosekana. Mmoja alisema, "Kwa kweli mwenyekiti, sijui, maisha ni popote." Ni jibu la kweli kabisa, na lilimpa alama mbili. Mwingine akasema akipata mtaji atafungua duka la vipuri Kariakoo. Huyu nilimheshimu kwa moyo wake, ila alikuwa anaomba kazi ya kushika sanduku la fedha ndogondogo, na Mzee aliandika pembeni ya fomu: *mtaji wa nani?*

Nikiri kilichoko upande wetu wa meza. Hakuna anayetaka utabiri. Tunatafuta mambo mawili tu. La kwanza, je, huyu atakaa muda wa kutosha kurudisha gharama ya kumfundisha? Kazi yetu ina ankara za wakala wa meli, tozo za bandari, kodi za forodha na fedha za mteja zinazopitia kwetu bila kuwa zetu. Mgeni huchukua miezi mingi kabla hajaacha kuandika fedha za mteja kama mapato ya kampuni. Akiondoka hapo, nimefundisha bure. La pili, je, anakotaka kwenda kunapita hapa kwetu, au sisi ni kituo cha kusubiria basi? Anayesema "sijui" hajajibu hata moja kati ya hayo. Anayesema "maono" vilevile.

Kisha akaingia binti mmoja mwenye shahada ya uhasibu, ameanza mitihani ya CPA. Mzee akaegemea nyuma, akauliza. Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwenyekiti, nikikutajia cheo nitakuwa nabahatisha. Sijaamua kama nitabaki kwenye hesabu za kampuni au nitaingia ukaguzi. Hilo nitaliamua nikimaliza CPA. Ninachojua ni kwamba nataka kuzijua hesabu za mizigo na forodha, na hizo hazisomwi darasani. Kwa hiyo miaka miwili ya kwanza natarajia kuwa hapa, na ndani ya mwaka niwe nafunga hesabu za mwezi bila kusimamiwa. Mitihani ya Bodi ni Mei na Novemba, nitaomba siku chache nyakati hizo."

Nilianza kuandika. Hiyo ndiyo dalili ya kuitazama ukiwa upande ule wa meza: wasaili wakikuuliza zaidi juu ya kazi, ukweli wako umeeleweka. Mimi nilimuuliza fedha za mteja angeziandika wapi, akasema upande wa madeni mpaka zitumike. Lakini wakikuuliza, "Kwa hiyo hujui unachotaka?", umewapa mashaka bila kuwapa mwelekeo. Binti alilitaja asilolijua, akataja litajulikana lini, na katikati akaweka kazi yetu. Tena mashaka aliyoyataja ni ya kazi tu. Kama ana mchumba Mwanza au mama anayeumwa Tabora, hakutueleza, na hatukuwa na haki ya kujua.

Kisha akaharibu hali ya hewa. Mzee alipomuuliza kama ana swali, akasema, "Shikamoo tena Mzee, naomba kujua aliyekuwa kwenye nafasi hii kabla, alikwenda wapi?"

Mzee akanywa maji. Dada wa utumishi akapanga karatasi zilizokuwa zimepangwa. Aliyekuwepo alihamia kwa washindani wetu, jengo la pili kutoka hapa, na wateja wawili wakubwa wakamfuata. Wakati mwingine tunakutana naye kwa mama ntilie. Mwishowe mimi nikasema, "Amepanda cheo," jambo ambalo ni kweli.

Binti alipotoka Mzee akasema huyu anauliza sana. Nikamwambia mhasibu asiyeuliza ndiye wa kuogopwa. Tulipojumlisha alama alikuwa juu, ingawa Mzee alimkata moja kwa ajili ya yale maji.

Jibu la namna hii lina mipaka yake. Kuna majopo yenye fomu ya kuweka alama ya vema kwenye neno "malengo", na ukisema "sijaamua" kisanduku kinabaki kitupu hata ukieleza vizuri namna gani. Huko mpe mtu mwelekeo kwanza, mashaka yaje baadaye, au usiyataje kabisa kama hakuna aliyeuliza.

Alianza kazi tarehe mosi. Mei ilipofika akaleta barua ya kuomba siku zake, Mzee akaisaini huku akilalamika kwamba mwezi unafungwa. Yule kijana aliyekitaka kiti changu nasikia kapata kazi kwingine, na kiti chake kina magurudumu yote.