Mwongozo kwa Anayesoma Barua Pepe ya Mtihani kwa Jicho Moja

Barua pepe ya mtihani wa mwisho huwa fupi, na ufupi huo ndio mtego. Mwalimu aliyekurundikia madesa muhula mzima safari hii ameandika mistari michache tu, nawe unairuka yote ukitafuta kama kuna mada zilizopunguzwa. Hazijapunguzwa. Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili yako.

Tuchukue barua ya kozi moja ya Kiswahili, mwaka wa pili, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam:

"Ndugu wanafunzi, mtihani wenu utafanyika Jumatano, saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Namba 001 hadi 180 wataingia Ukumbi A, waliobaki Chumba B12. Kila mmoja akae kwenye dawati alilopangiwa katika orodha itakayobandikwa mlangoni. Njooni na kitambulisho, kadi ya mtihani na kalamu za wino wa bluu au mweusi. Simu, saa janja na karatasi yoyote haviruhusiwi. Atakayechelewa zaidi ya nusu saa hataingia. Hakuna atakayetoka kabla ya nusu saa kwisha."

Anza na saa. Mwalimu ameandika saa 2:00 asubuhi, ratiba ya chuo inasema 08:00, na simu yako inasema 8:00 AM. Zote zinasema jambo moja. Hatari iko kwenye kuweka kengele: ukiiambia simu 2:00 AM kwa kuwa barua imesema saa mbili, itakuamsha usiku wa manane, utaizima kwa hasira na kulala fofofo. Pepa la mchana lina mtego wake. Ratiba itasema 14:00, simu itasema 2:00 PM, nasi tunasema saa nane. Anayefika saa mbili asubuhi kwa pepa la saa nane atapata muda wa kujisomea kivulini. Anayefika saa nane mchana kwa pepa la saa mbili asubuhi atawakuta wenzake wameshakula ugali na wanabishania swali la tatu.

Sasa ukumbi. Asiyejua hufuata kundi lake, maana wamesoma pamoja na wanataka kuingia pamoja. Lakini mpango umefuata namba za usajili, nao hauna habari na urafiki wenu. Mwenye namba 181 akiingia Ukumbi A atakuta hayumo kwenye orodha ya kusaini. Msimamizi atamwelekeza B12, na huko atafika anahema huku wenzake wameshajaza jalada la kijitabu cha majibu. Kwa hiyo tafuta namba yako kwenye barua leo, na uende kukiangalia chumba chenyewe siku moja kabla ya mtihani. Asubuhi ya mtihani mlango umejaa watu wanaosoma orodha juu ya mabega ya wenzao.

Ukifika kwenye dawati utakuta namba imeandikwa kwa chaki. Ikae hapo hapo, usiifute kwa kiwiko. Usishangae pia kuona jirani zako wa kulia na kushoto wanafanya Jiografia. Kumbi kubwa hupangwa hivyo makusudi, safu ya kozi hii ikifuatiwa na safu ya kozi ile, ili anayenyoosha shingo aambulie ramani ya mvua.

Mstari wa vifaa ndio unaoumiza watu wanyofu. Wengi hudhani kosa ni kutumia simu. Soma tena: haviruhusiwi. Katika kanuni za mitihani za vyuo vyetu, kukutwa na kitu kisichoruhusiwa ni kosa tosha, hata kama simu imezimwa na iko chini kabisa mfukoni. Ile karatasi ya muhtasari uliyokuwa ukiipitia kwenye daladala, ukaikunja na kuisahau ndani ya koti, msimamizi ataiita nondo. Utaandikiwa ripoti na utasaini, na maelezo ya daladala utayatoa mbele ya kamati. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuvuka mlango, geuza kila mfuko nje, na simu mwachie mtu ambaye hana mtihani siku hiyo.

Tumefika kwenye nusu saa. Wapo wanaoisoma kama zawadi: pepa ni saa mbili, kumbe mwisho wa kuingia ni saa mbili na nusu! Wengine huona mwalimu ana roho mbaya, maana dakika moja ya ziada ingemdhuru nani? Jibu limo kwenye sentensi inayofuata, ile inayokataza watu kutoka. Sheria hizi mbili ni komeo moja lenye ncha mbili. Mradi hakuna aliyetoka, maswali bado yako ndani, na anayechelewa hawezi kuyajua kabla ya kuingia. Nusu saa ikiisha, wa kwanza anaweza kukabidhi kijitabu chake na kutoka, na kuanzia hapo kila aliye nje anaweza kuwa ameshasimuliwa maswali. Ndiyo maana saa mbili na dakika thelathini na moja haina mjadala. Msimamizi akikufungulia, mtihani wa ukumbi mzima unaweza kutiliwa shaka.

Tuseme umeingia saa mbili na dakika ishirini na tano, kwa sababu foleni ya Kimara haikusoma barua pepe. Umeruhusiwa, lakini hutaongezewa muda. Pepa lina maswali manne yenye alama sawa kwa dakika 180, yaani dakika 45 kila swali. Umepoteza 25, na kusaini mahudhurio na kujaza jalada kutakula kama tano. Zimebaki 150. Asiyejua huandika maswali matatu kwa mwendo wake wa kawaida, dakika 135 zikaisha, na swali la nne likapata 15. Mjanja anagawa upya palepale: dakika 37 na nusu kila swali, na muda ukifika anaacha nafasi na kuhamia swali linalofuata. Alama za mwanzo za swali jipya hupatikana haraka kuliko za mwisho za swali la zamani.

Na ukikuta mlango umefungwa? Usibishane na msimamizi, hana mamlaka ya kukufungulia. Kama ulikuwa mgonjwa au umepata ajali, nenda siku hiyo hiyo idarani na cheti cha daktari au karatasi ya polisi, ukaombe mtihani maalumu. Huo si sapu. Mtihani maalumu huhesabiwa kama ndiyo mara yako ya kwanza, na alama unazopata ni zako zote. Sapu ni ya aliyefanya akafeli, na hata ukiipasua vipi, daraja lake mara nyingi huishia C. Asiyefika mtihani na asiwe na sababu yenye karatasi yuko pabaya kuliko hao wote, maana kwa kanuni za vyuo kadhaa anaweza kudisko.

Jambo la mwisho: kabla ya kumwandikia mwalimu "naomba kuuliza, venyu ni wapi?", hakikisha hujabonyeza kitufe cha kuwajibu wote. Namba yako ya usajili inaonekana, na darasa zima litajua nani hakusoma mstari wa pili.